SOMO: Kugawa kaskedi za vivuli kwenye mandhari kubwa ya nje

Wakuu, nina gemu la nyika, mibuyu imetapakaa, nataka vivuli vifike mita 400. Kaskedi nne, yani umbali umekatwa vipande vinne, kila kimoja na ramani yake ya kivuli ya 2048, kamera digrii 60 kwa wima, skrini 16:9. Twende.

Hatua ya 1. Usichukue `near` ya kamera ukaitia kwenye hesabu. Kamera yangu inaanzia mita 0.1, na mgao wa logi ukianza hapo kaskedi ya kwanza inaishia sentimita 80, yani ramani nzima imeliwa na hewa iliyo mbele ya pua. Weka `n` yako ya kugawia tu, mimi naweka 0.5, ila kaskedi ya kwanza yenyewe bado inafunika kuanzia kwenye kamera.

Hatua ya 2. Changanya mgao wa logi na mgao sawa, `f` ni mwisho wa vivuli, hapa 400, na `i` inaenda 1 hadi 4:

```
t = i / 4.0
a = n * pow(f / n, t)
b = n + (f - n) * t
mpaka[i] = lerp(b, a, lambda)
```

Logi tupu inanipa 2.7, 14, 75, 400: miguuni kukali kupita kiasi halafu mita kumi mbele ukungu. Mgao sawa unaweka mpaka wa kwanza mita 100, hapo kivuli cha majani kinakuwa madoa. Lamda 0.9 inatoa 12, 33, 98, 400, na hii ndo naipenda kwa kamera ya mtu anayetembea.

Hatua ya 3. Usiamini macho peke yake, pima tekseli, yani nukta moja ya ramani inafunika upana gani. Mimi nazungushia kila kipande tufe, kipenyo nagawa kwa 2048. Napata kama sm 1.4, 3.8, 11 na 46. Hiyo sm 46 iko mbali, kivuli cha mbuyu mzima kinasomeka vizuri tu, cha tawi hakitasomeka na haina shida. Kisha paka kila kaskedi rangi yake kwenye sheda, utembee, uone mipaka inaangukia wapi.

Swali: mkuu mbona kingo za vivuli vyangu zinachemka nikigeuza kamera?

Jibu: Boksi lako linabadilika ukubwa kila fremu. Tumia tufe, radiasi haibadiliki hata ukigeuka, halafu kitovu chake kwenye mihimili ya x na y ya ramani ya jua kisogee kwa tekseli nzima nzima tu. Ukiacha hiyo ya pili bado zitachemka ukitembea.

Swali: kwa mgao huo huo naona mstari kabisa pale mita 98, nipunguze umbali?

Jibu: Mstari hautaondoka kaka, maana tekseli inaruka kutoka 11 kwenda 46, mara nne, na ukishusha hadi mita 250 ya mwisho inakuwa sm 29 lakini mruko unabaki karibu ule ule. Changanya kaskedi mbili kwenye asilimia 10 ya mwisho ya kipande, unasoma ramani mbili hapo tu kwa hiyo gharama ni ndogo.

Swali: na gemu la helikopta je?

Jibu: Hapo hakuna kitu karibu na kamera, pandisha `n` hadi umbali wa ardhi ulio mfupi zaidi, ukishatua uirudishe polepole la sivyo vivuli vitaruka.