Kabla Hujamweka Mtu Mbele ya Teleprompta, Ivunje Mistari Mwenyewe

Kama umepewa kazi ya kuandaa hotuba au tangazo litakalosomwa kwenye teleprompta, yaani kile kioo cha mbele ya kamera kinachomwonyesha msomaji maandishi, usiridhike kwamba maandishi umeshatumiwa kwenye simu. Hotuba iliyochapwa kwa ajili ya faili la ofisi bado si skripti ya prompta. Ya ofisini inasomwa kimya, jicho likiwa huru kurudi nyuma. Ya prompta inapanda juu na kupotea, na msomaji anaona mistari minne au mitano tu kwa wakati mmoja. Asichokiona hawezi kukipangia pumzi.

Yale mepesi tuyamalize haraka. Mandhari iwe nyeusi na maandishi meupe. Tumia fonti isiyo na mikia, Arial au Verdana inatosha. Usiandike hotuba nzima kwa herufi kubwa zote, maana maneno yote yanakuwa na umbo moja na jicho linachelewa kuyatambua. Zima kabisa ule mpangilio wa kukata neno kwa kistari mwishoni mwa mstari. Kiswahili kina maneno kama "wasiojiandikisha" na "tutakayowakabidhi", na nusu ya neno kama hilo haimwambii msomaji chochote. Neno refu likikaa peke yake kwenye mstari, liache likae.

Ukubwa wa maandishi usiuamue kwenye kompyuta yako, uamue pale msomaji atakaposimama. Weka skripti kwenye kioo, nenda kwenye alama ya miguu yake, soma kwa sauti. Ukikunja uso, ongeza ukubwa. Ukiongeza mpaka yanaingia maneno mawili tu kwa mstari, tatizo si fonti tena: skrini ni ndogo mno au kamera iko mbali mno. Sogeza kamera, au tafuta skrini kubwa. Wala usitanue mistari ijaze kioo chote. Lenzi iko nyuma ya kioo, katikati, na mstari mpana unayafanya macho yatembee kutoka kushoto kwenda kulia. Mtazamaji wa nyumbani anayaona yakitembea, na anajua mtu huyu anasoma. Safu nyembamba ya katikati, yenye maneno matatu hadi matano kwa mstari, inayaacha macho yatulie kwenye lenzi.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote: nani anaamua mstari uishie wapi. Usipoamua wewe, programu itaamua, na programu haijui Kiswahili. Yenyewe inahesabu nafasi tu. Nafasi ikijaa, inalitupa neno linalofuata chini.

Niliona matokeo yake kwenye mkutano wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa zabibu, upande wa Hombolo. Mimi nilikuwa kwenye kamera. Mkutano ulikuwa unarekodiwa ili wanachama walioko mbali wautazame baadaye, kwa hiyo prompta ilifungwa kwenye kamera kubwa iliyokuwa katikati ya ukumbi, na mwenyekiti akawa anaisoma huku wanachama wamekaa pande zote mbili. Skripti ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye barua ya ofisi na kubandikwa moja kwa moja. Sentensi iliyosubiriwa na ukumbi mzima ilijipanga hivi kwenye kioo:

Ndugu wanachama, malipo ya
awali ni elfu mia mbili na
hamsini kwa kila mkulima
aliyeleta zabibu kabla ya
tarehe ishirini na nane
Februari.

Itazame mistari hiyo ilipoishia. "Malipo ya." "Mbili na." "Kabla ya." Mitatu imekatika kwenye kiungo, mahali ambapo hakuna Mswahili anayepumzika anapoongea. Lakini macho yakifika mwisho wa mstari, sauti nayo inataka kutua, hasa kama opareta anayesukuma maandishi yuko nyuma kidogo na mstari wa chini haujapanda vizuri. Mwenyekiti alisoma "awali ni elfu mia mbili na", akanyamaza. Mstari ukapanda. Akaanza upya kwa sauti ya mtu anayeanza sentensi: "Hamsini kwa kila mkulima."

Mama mmoja mstari wa mbele alimgeukia jirani yake akauliza, "Hamsini?" Swali likasambaa nyuma. Mwenyekiti akasikia mnong'ono, akaondoa macho kwenye kioo kuwatazama watu, na opareta kwa kutojua akaendelea kusukuma maandishi. Aliporudisha macho, mistari aliyoiacha ilikuwa imeshapanda na kupotea, akakutana na "Februari." imekaa peke yake. Akasoma "Februari". Baada ya hapo alitafuta karatasi mfukoni, hakuna karatasi, akamalizia hotuba kwa kichwa. Kiasi cha malipo ilibidi mhasibu akieleze tena kwa watu waliokuwa tayari na hasira, na mwenyekiti yule, ambaye bila kioo anaongea vizuri sana, aliondoka ukumbini akiwa amevunjika moyo.

Ile sentensi ilikuwa na matatizo mawili, na yote yanatatuliwa mezani kabla ya siku yenyewe. La kwanza ni namba. "Elfu mia mbili na hamsini" hata ikisomwa kwa pumzi moja ina maana mbili: inaweza kuwa 250,000 na inaweza kuwa 200,050. Kwenye karatasi tarakimu zinakuokoa, lakini sikio halina tarakimu. Andika fedha nyingi kwa maneno, na uchague maneno yasiyogawanyika maana: "laki mbili na elfu hamsini". Namba fupi kama tarehe ziache kwa tarakimu, zinasomeka mara moja. La pili ni mikato. Sentensi ileile ingepangwa hivi, isingemwangusha mtu:

Ndugu wanachama,
malipo ya awali
ni shilingi
laki mbili na elfu hamsini
kwa kila mkulima
aliyeleta zabibu
kabla ya tarehe 28 Februari.

Isome kwa sauti, tena simama kidogo kila mwisho wa mstari, makusudi. Hata ukisimama, maana haiharibiki. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila skripti. Mstari ambao ukisimama mwishoni mwake msikilizaji anaelewa kitu kingine, huo umekatwa vibaya.

Kwa Kiswahili kazi si ngumu ukishazoea. Mstari usiishie kwenye ya, wa, cha, la, za, na, kwa, ni, katika. Vivute vyote vianze mstari unaofuata: "Mkuu wa Wilaya" juu, "ya Chamwino" chini, ni sawa. "Mkuu wa Wilaya ya" juu na "Chamwino" chini, si sawa. Jina la mtu lisitenganishwe na cheo chake kama vinaenea pamoja. Na neno la kuogopa kuliko yote ni "si". Ukanusho mwingi wa Kiswahili umo ndani ya kitenzi chenyewe, "hatutalipa" haiwezi kukatika. Lakini "si" inasimama peke yake, na ni fupi, na jicho linaipita. "Mbolea hii si" juu, "ya kuuzwa" chini, halafu msomaji akaruka kale kaneno ka mwisho wa mstari: umeshatangaza kwamba mbolea hiyo inauzwa. "Si ya kuuzwa" ikae pamoja, mwanzoni mwa mstari wake.

Mikato hiyo iweke kwa kubonyeza kitufe cha mstari mpya, kila mstari, mpaka mwisho. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato. Kisha ubaki na tahadhari moja ambayo watu wengi huisahau: mikato yako ni salama pale tu ambapo mstari mrefu kuliko yote unaenea kwenye skrini. Kwenye mfano wetu mrefu ni ule wa tarehe. Siku ya tukio msomaji akisema "niongezee herufi kidogo", opareta ataongeza, ule mstari hautaenea, na "Februari." itashuka peke yake palepale ilipokuwa siku ile. Kwa hiyo utafute mstari mrefu kabla, uujaribu kwa ukubwa ambao msomaji ataomba, siyo ule unaoupenda wewe. Usipoenea, ukate sasa: "kabla ya tarehe" juu na "28 Februari" chini.

Wazo likiisha, acha mstari mtupu. Hiyo ndiyo pumzi ya msomaji, na opareta naye anajua pa kupunguza mwendo. Mwendo wenyewe usiupange kwa hesabu za maneno kwa dakika ulizozisoma mahali, maana nyingi ni za Kiingereza, na neno letu moja hubeba kinachohitaji maneno yao manne. Mpe msomaji asome kwa sauti, shika saa. Opareta amfuate msomaji, msomaji asilazimike kumfuata opareta.

Unaponakili kutoka kwenye Word, bandika kama maandishi matupu, na faili ulihifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8. Usipofanya hivyo, ile alama ya juu kwenye "ng'" inaweza kugeuka vikorokoro, na hapa Dodoma utaihitaji. Mgeni wa kutoka Dar anayekutana na Ng'hong'onha kwa mara ya kwanza tayari ana kazi ya kutosha. Majina ya vijiji na kata msomee kabla, mara mbili.

Mabadiliko ya dakika za mwisho yafanywe na mtu mmoja, kwenye faili moja, na kila mstari uliobadilishwa usomwe tena kwa sauti, kwa sababu neno moja likiongezwa mstari unaweza usienee tena. Hakikisha maandishi yamegeuzwa kushoto kulia kwenye skrini, maana kioo huyaonyesha kinyume. Kama ni nje, viwanja vya Nzuguni kwa mfano, jua la mchana linaweza kuyafuta maandishi yote kwenye kioo, kwa hiyo jaribu saa ileile ya tukio, na stendi iwekewe mifuko ya mchanga kwa ajili ya upepo. Umeme usiuamini, betri ijae.

Na chapa nakala ya karatasi, maandishi ya ukubwa wa kutosha, upande mmoja, mistari ikiwa imekatwa vilevile kama kwenye kioo, kurasa zina namba, hazijabanwa kwa pini, na hakuna ukurasa unaoishia katikati ya sentensi. Iweke mkononi mwa msomaji kabla hajapanda jukwaani, asiachiwe mtu wa itifaki. Na umwombe awe anafunua kurasa kadiri anavyosoma kwenye kioo, ili kioo kikizimika awe tayari kwenye ukurasa wenyewe.