Kupokea mzigo stoo: usisaini kabla tabaka la mwisho halijahesabiwa

Stoo yetu ni ndogo. Tunauza jumla hapa Morogoro mjini: sukari, mchele, mafuta ya kula, sabuni na vinginevyo vya dukani. Wafanyakazi wa kudumu wa stoo ni wawili, mimi na kijana mmoja, na makuli tunawaita mzigo unapofika. Utaratibu huu niliuandika kwenye karatasi na kuubandika nyuma ya mlango baada ya hasara iliyonigusa mfukoni.

Siku hiyo Fuso ilileta mifuko 160 ya sukari ya kilo 50. Makuli waliipanga chini kwenye mlima mmoja mkubwa. Nikahesabu urefu, upana na kimo, nikazidisha, nikapata 160, nikasaini. Siku ya nne, tulipokuwa tunatoa mifuko ya juu, tukakuta katikati ya mlima kuna shimo. Mifuko minane haikuwepo. Nilimpigia msambazaji, akanijibu kwa upole kwamba karatasi ina saini yangu na haina maelezo yoyote. Alikuwa na haki. Ukisaini bila maelezo umesema mzigo umefika wote, mzima, na kuanzia hapo ni wako. Ndiyo maana hatua zote zilizo hapa chini zinafanyika kabla ya saini, isipokuwa mbili za mwisho.

Nitatumia mzigo mmoja kama mfano kuanzia getini hadi kwenye kadi: sukari mifuko 160 na mafuta katoni 90, kila katoni ina chupa 12 za lita moja.

Hatua ya 1: Getini

Mlinzi asifungue geti kwa sababu gari limepiga honi. Anachukua karatasi za dereva na kuniletea. Mimi natafuta oda yetu kwenye faili: je, tuliagiza bidhaa hii, kiasi hiki, kwa msambazaji huyu? Kama oda haipo, gari linasubiri nje hadi bosi apigiwe. Ukishashusha mzigo ambao hukuagiza, kuurudisha ni kazi ya siku nzima na gharama ya makuli mara mbili.

Oda ikiwepo, mlinzi anaandika kwenye daftari la geti namba ya gari, jina la dereva, namba ya dilivari, yaani karatasi ya dereva inayoorodhesha mzigo, na saa ya kuingia. Gari la boksi lenye sili, soma namba ya sili na uilinganishe na iliyoandikwa kwenye dilivari kabla haijakatwa. Gari la turubai halina sili, kwa hiyo zunguka ulitazame: kamba zimekaza pande zote, au kuna kona imefunguliwa na kufungwa upya? Kuna sehemu turubai limebonyea wakati kwingine limejaa? Wakati wa masika tazama pia pale maji yanapotuama juu ya turubai, maana mifuko iliyo chini yake ndiyo utakayoikagua kwanza.

Hatua ya 2: Andaa mahali pa kushushia

Usishushe moja kwa moja kwenye nafasi ya kudumu. Ndani ya mlango tumepiga mstari wa rangi ya njano sakafuni. Kilicho ndani ya mstari hakijapokelewa, hakiuzwi, hakichanganywi na cha zamani. Pembeni tumeacha kona ya vilivyokataliwa. Panga chaga zako za kupangia mifuko kabla kuli wa kwanza hajapanda kwenye gari, kwa sababu akishabeba mfuko kichwani hawezi kusubiri ufikirie.

Hatua ya 3: Kushusha na kuhesabu

Hapa ndipo stoo nyingi ndogo zinapopotezea mali.

Kwanza, anayehesabu asione dilivari. Mimi nakaa nayo mfukoni. Kijana wangu anahesabu bila kujua karatasi inasema ngapi. Mtu anayejua kwamba inatakiwa 160, akifika 158 na jua limemchosha, atajiambia ameruka miwili. Asiyejua ataandika alichokiona.

Pili, hesabu mara mbili kwa njia mbili. Kijana anasimama nyuma ya gari na kupiga kijiti kimoja kwa kila mfuko unaotoka, na cha tano anakikata mlalo, mafungu ya tano tano. Mimi nasimama kwenye chaga.

Tatu, na hili ndilo lililoziba shimo la mwanzo: panga mifuko mitano kwa kila tabaka. Mitatu inalala sambamba, na miwili inalala mbele yake kichwa kwa kichwa. Tabaka linalofuata unageuza, miwili inakaa juu ya upande wa ile mitatu, ili mifuko ifungane isiporomoke. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kila mfuko unaonekana kutoka nje, angalau ncha yake moja. Hakuna mfuko wa katikati, kwa hiyo hakuna shimo la kuficha. Chaga zetu tumezigongesha kwa fundi kwa kipimo cha tabaka hilo. Tunaishia matabaka manane: mifuko 40, tani mbili. Ukizidisha, makuli wanaanza kurusha badala ya kuweka, na mifuko ya chini inapasuka.

Wakati wa kushusha dereva atakuja. Atasema, "Dada, nisainie tu, nawahi Dodoma." Mjibu kwa heshima, maana na yeye ana kazi yake: "Kaka yangu, kaa hapo kivulini unywe maji. Tabaka la mwisho likikaa, nakusainia." Usianze kubishana naye, na kalamu usiitoe.

Hatua ya 4: Kukagua

Kagua mifuko ikiwa inapita, usingoje ipangwe. Sukari iliyolowa ina doa jeusi linalonata. Ikikauka doa huacha mzingo wa njano kwenye mfuko, na ukibonyeza ndani unakuta mabonge magumu. Huo unakwenda kona ya vilivyokataliwa bila mjadala.

Angalia pia mdomo wa mfuko. Mshono wa kiwandani unakwenda mstari mmoja ulionyooka, hatua zake sawasawa. Mfuko uliofunguliwa njiani na kushonwa tena kwa mkono una mshono unaopanda na kushuka, na ukiutazama kwa karibu utaona matundu ya sindano ya zamani yaliyobaki wazi kando ya uzi mpya. Ukiuona mmoja wa namna hiyo, pima kila mfuko ulio karibu nao.

Kwa kawaida tunapima kila mfuko wa kumi. Mizani iwe na stika hai ya Wakala wa Vipimo, na uihakiki kwanza kwa uzito unaoujua. Mfuko mzima lazima uvuke kilo 50 kidogo kwa sababu ya uzito wa kiroba chenyewe. Ukisoma 48 umeshapata jibu.

Mafuta yana hila moja tu kubwa: katoni ya chini kabisa. Chupa ikivuja juu, mafuta yanashuka, kwa hiyo gusa vitako vya katoni. Kisha soma tarehe ya kuisha kwenye kila kundi, siyo kwenye katoni ya kwanza pekee, maana gari moja laweza kubeba matoleo mawili.

Hatua ya 5: Kulinganisha na kusaini

Sasa ndiyo natoa dilivari. Kwenye mzigo wetu wa mfano, chaga tatu zimejaa, ni mifuko 120. Ya nne ina matabaka saba kamili, ni 35. Jumla 155. Kwenye kona ya vilivyokataliwa ipo mitatu iliyolowa. Jumla 158, na vijiti vya kijana vinasema 158 pia. Karatasi inasema 160. Hesabu zetu mbili zimekubaliana, kwa hiyo upungufu ni wa gari. Kama zingepishana, tungerudia chaga dereva akiwa amesimama nasi.

Usifute 160 wala usiandike juu yake. Andika chini, kwa maneno yanayosomeka:

*Imepokelewa mizuri 155. Imelowa na kurudishwa 3. Pungufu 2. Mafuta katoni 90, kamili.*

Andika kwenye nakala zote kabla hazijachanwa, uweke saa na namba ya gari, usaini, na dereva asaini chini ya maelezo hayo hayo. Mitatu iliyolowa inapanda garini mbele yake. Akikataa kusaini, usigombane. Andika "dereva amekataa kusaini", piga picha inayoonyesha mifuko na namba ya gari pamoja, na mpigie msambazaji gari likiwa bado uani. Akitoka, mlinzi anapanda na kufunua turubai kuona kilichobaki ndani ni ile mitatu tu.

Hatua ya 6: Kuweka mahali pake

Acha nusu mita kati ya chaga na ukuta, mtu apite kuhesabu na kuona njia za panya na mchwa. Sukari na mchele vikae mbali na sabuni, kwa sababu vinabeba harufu.

Usidhani mzigo mpya kila mara unakwenda nyuma. Mafuta tuliyokuwa nayo yalikuwa yanaisha mwezi wa 11. Haya mapya yanaisha mwezi wa 8. Mapya ndiyo yaliyokaa mbele.

Hatua ya 7: Kuandika

Jaza hati ya mapokezi kwa nakala tatu: ya mhasibu, ya msambazaji na ya stoo. Mhasibu halipi ankara ya mifuko 160 mpaka msambazaji alete hati ya punguzo ya mitano.

Kisha kadi ya stoo, inayoning'inia kwenye chaga. Salio lilikuwa 62. Imeingia 155, kwa hati namba fulani. Salio 217. Namba ya kuandika inatoka kwenye hati ya mapokezi, kamwe siyo kwenye dilivari, na inaandikwa saa ile ile, kabla mteja hajahudumiwa.

Nasema hivyo kwa sababu kuna mteja atakayefika na guta wakati unashusha, aombe mifuko mitano ipakiwe moja kwa moja kutoka garini. Mwambie asubiri. Mfuko ulioondoka kabla haujaingia hauna mahali kwenye kadi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua, hesabu sukari yote tena. Kama kadi inasema 217 na wewe unaona 212, anza kwa kuuliza nani alipakia guta.