Kapsheni ya Sheng isiyomchanganya anayelipa: hatua kwa hatua

Wiki hii nimemaliza kumsaidia dada mmoja wa mtaani kwetu, hapa Nairobi, anayeuza hudi Instagram na kwenye Status ya WhatsApp. Wateja wake wengi ni vijana wa chuo na wa sekondari. Kapsheni zake zinapendwa, watu wanatagi marafiki, lakini inboksi yake ilijaa swali lile lile: "Bei?" Na bei ilikuwa imeandikwa. Hii hapa mojawapo:

```
Wasee, hizi hoodies ni noma 🔥 Soo nane tu, mbili thao na nusu.
Delivery tumesort. Offer inaisha Sato saa 6!
```

Alichotaka kusema ni kwamba hudi moja ni shilingi 800, mbili kwa pamoja ni 1,500, kufikishiwa katikati ya jiji ni bure, na ofa inafungwa Jumamosi. Tuliiandika upya kwa hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua kapsheni ina wasomaji wawili

Anayetamani hudi ni kijana. Anayetuma pesa mara nyingi ni mtu mwingine: mama, kaka mkubwa, shangazi. Kijana anapiga skrinishoti, anaituma nyumbani, na mama anaisoma akiwa na M-Pesa mkononi. Mama mmoja alimwandikia muuzaji wetu hivi: "Mwanangu, ni elfu moja mia tano kwa zote mbili ama kila moja?" Akajibiwa, "Ni zote mbili, mama," lakini tayari siku nzima ilikuwa imepita na saizi aliyotaka imekwisha.

Kwa hiyo gawa kapsheni sehemu mbili. Mstari wa kwanza ni wa kijana: hapo Sheng, Kiswahili na Kiingereza vichanganyike upendavyo. Mstari wa pili ni wa anayelipa, na humo Sheng haiingii hata kidogo. Usizichanganye sehemu hizi. Neno moja la mtaani likiponyoka hadi mstari wa bei, msomaji wa pili anaanza kukisia.

Hatua ya 2: Chagua maneno ya mtaani

Yachukue kwenye jumbe za wateja wako wenyewe. Fungua inboksi, tazama wanavyojieleza, tumia hayo. Sheng ya Kayole si lazima iwe ya Lang'ata, na neno lililovuma muhula uliopita linaweza kukufanya uonekane mgeni muhula huu. Yaliyodumu, kama "fiti", "poa", "msee" na "mtaa", hayakuangushi. Mimi sipitishi mawili kwa kapsheni.

Epuka neno lenye nyuso mbili kwenye sifa ya bidhaa. "Noma" kijana ataisoma kama sifa, ila kwa wengi bado ina maana ya taabu, na mama anayeona "hoodies ni noma" hana sababu ya kutuma pesa. Tuliiondoa.

Jina la bidhaa liache jinsi mteja anavyolitafuta. Watu huandika "hoodie" kwenye kisanduku cha kutafutia, basi nalo libaki hivyo, hata kama sentensi nzima ni ya Kiswahili.

Hatua ya 3: Mstari wa bei

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Tuanze na majina ya pesa. Soo ni 100, thao ni 1,000, finje ni 50, mbao ni 20. Haya karibu kila kijana wa Nairobi anayajua. Lakini rwabe, ambayo ni 200, haijulikani na wote, na jirongo, yaani 500, ilitokana na jina la mwanasiasa Cyrus Jirongo na noti za 500 za wakati wa uchaguzi wa 1992. Mnunuzi wako huenda hakuwa amezaliwa. Mteja wa Mombasa au Kisumu anayetaka utume kwa basi naye ana majina yake. Tarakimu haina mtaa, kwa hiyo andika tarakimu, na mbele yake KSh.

Tatizo la pili ni mpangilio wa maneno, nalo linaumiza zaidi kwa sababu halionekani. Mtaani, "soo tatu" ni shilingi 300. "Tatu soo" ni vitu vitatu kwa shilingi 100. Mchuuzi wa barabarani akiita "tatu soo!" unaelewa papo hapo, maana ameshika vitu vitatu mkononi na sauti yake inakatika mahali panapofaa. Kwenye maandishi hakuna mkono wala sauti. Sasa rudi kwenye "mbili thao na nusu". Mmoja anasoma hudi mbili kwa 1,500. Mwingine, ambaye Kiingereza kiko karibu kichwani mwake, anaisoma jinsi anavyosoma "two thousand", na kwake ni 2,500. Hakuna aliyekosea. Lugha mbili zinapanga namba na kizio chake kwa mfuatano tofauti, na ukizichanganya msomaji anachagua mfuatano anaoujua.

Dawa yake ni kuandika idadi, jina la kitu, alama ya kugawa, kisha bei, kila ofa na sentensi yake:

```
Hoodie 1: KSh 800. Hoodie 2: KSh 1,500 kwa zote mbili.
```

"Kwa zote mbili" inaonekana kama kurudia. Iache. Hayo ndiyo maneno yaliyomaliza swali la yule mama. Usiweke alama ya @ hapa, kwa sababu wengi huisoma "kila moja", na "hoodies 2 @ 1,500" itakuwa 3,000 machoni pao. Usiandike "1.5k" pia; kijana haitamsumbua, ila ukiifupisha na kuwa "1.5" peke yake, kama wengi wafanyavyo, anayelipa haelewi.

"Kuanzia" au "from" itumie tu kama kweli bei zinatofautiana, na useme kinachozitofautisha: "M na L: KSh 800. XL: KSh 950." Bei ya chini ikitajwa peke yake, kila mwenye saizi kubwa atahisi amedanganywa, na mzozo utakaofuata kwenye komenti utasomwa na wote.

Ukitaka kuonyesha punguzo, kama "ilikuwa 1,200, sasa 800", hakikisha uliuza kweli kwa 1,200. Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kudai nafuu ya bei ambayo haipo kuwa maelezo ya uongo, na haijali kama uliisema kwa Sheng.

Mwisho, pahali pa mstari wenyewe. Instagram hukata kapsheni baada ya takriban herufi 125, na kinachobaki hakionekani mpaka mtu abonyeze. Hesabu herufi za mstari wa mvuto na wa bei pamoja. Zikizidi, punguza mvuto. Kama watu wanaendelea kuuliza "bei?" ilhali bei ipo, karibu kila mara imefichwa hapo chini.

Hatua ya 4: Saa ya kufunga ofa

"Offer inaisha Sato saa 6" ina mtego ambao ni wa sisi tunaochanganya lugha. Kwa Kiswahili, saa sita ni adhuhuri au usiku wa manane. Kwa anayefikiri kwa Kiingereza, 6 ni jioni, yaani saa kumi na mbili. Sentensi iliyoanza kwa "offer" inamvuta msomaji kwenye hesabu ya Kiingereza, halafu "saa" inamrudisha kwenye ya Kiswahili. Hapo ofa moja ina miisho mitatu.

Andika saa kwa namna zote mbili, na utaje tarehe:

```
Ofa inaisha Jumamosi 14 Juni, 8 pm (saa mbili usiku).
```

Usifunge ofa saa sita usiku. Mbali na utata wa tarakimu, "usiku wa Jumamosi" kwa baadhi ya wazee, hasa wa pwani, ni usiku unaotangulia Jumamosi, kwa sababu siku kwao huanza jua likizama. Funga saa mbili usiku, wakati watu wako macho na wewe uko tayari kujibu.

Hatua ya 5: Kitenzi cha ahadi

"Tumesort" haisemi nani analipa. Mahali popote unapoahidi kitu, tumia kitenzi cha kawaida: "tunakuletea bure", "unalipia wewe", "hairudishwi". Bei isipobadilika, sema "bei haina maongezi".

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kuposti

Tafuta watu wawili, kijana mmoja na mtu mzima asiyeongea Sheng. Wape maandishi bila picha na uwaulize: nikitaka mbili natuma ngapi, mwisho ni lini, na usafiri analipa nani? Usiwaulize kama wameelewa, kwa sababu kila mtu husema ameelewa. Unataka tarakimu kutoka mdomoni mwao. Majibu yakitofautiana, kosa liko kwenye mstari, basi urekebishe. Yetu ilipita ikiwa hivi:

```
Baridi imeshika mtaa? Hizi hoodies ziko fiti 🔥
Hoodie 1: KSh 800. Hoodie 2: KSh 1,500 kwa zote mbili.
Nairobi CBD tunakuletea bure. Nje ya CBD unalipia wewe.
Ofa inaisha Jumamosi 14 Juni, 8 pm (saa mbili usiku).
```

Mistari miwili ya juu ina takriban herufi 100, kwa hiyo bei inaonekana bila kubonyeza.

Hatua ya 7: Picha

Mstari wa bei na tarehe ya mwisho viandike pia juu ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa. Picha inasambazwa WhatsApp bila kapsheni yake, na bila tarehe itakuwa ikizunguka Septemba mtu akidai hudi mbili kwa 1,500. Saa mbili usiku ikifika, hariri kapsheni, uweke neno IMEISHA mwanzoni kabisa, kisha bei ya kawaida. Usiifute posti, maana komenti zake zina maswali na majibu ambayo mteja wa kesho atayasoma.