Grafu ya kipeo ikihamishwa: asimptoti inasogea lini na inatulia lini

Wanafunzi wengi wanaokuja tuisheni kwangu hapa Arusha huchora y = 2^x bila shida. Wape y = −3·2^(x−1) + 6 uone. Umbo watalipata, lakini ule mstari wa vitone wa asimptoti kila mtu anauweka pake: huyu kwenye 1, yule kwenye −3, mwingine anauacha kwenye mhimili wa x kwa kuwa ndipo alipouzoea. Somo hili ni la mstari huo. Tutaijenga grafu hiyo kuanzia 2^x, na kila tukipiga hatua tutajiuliza kama asimptoti imesogea.

Asimptoti ya mlalo ni mstari ambao grafu inaukaribia kadiri x inavyokwenda mbali upande mmoja. Angalia hayo maneno "upande mmoja". Grafu ya kipeo ina upande unaotulia na upande unaokimbia, na asimptoti ni habari ya upande unaotulia tu.

Hatua ya 1: chora y = 2^x.

```
x :  −1    0    1    2    3
y :  1/2   1    2    4    8
```

Sasa nenda kushoto. Kwenye x = −10, y ni 1/1024. Kila ukirudi nyuma hatua moja, y inagawanywa kwa 2, na ukiigawa namba chanya kwa 2 hata mara elfu hupati sifuri. Basi asimptoti ni y = 0, na grafu iko juu yake. Chukua nukta mbili za kufuatilia safari nzima: (0, 1) na (1, 2).

Hatua ya 2: sogeza kulia kwa 1, upate y = 2^(x−1). Nukta zetu zinakuwa (1, 1) na (2, 2). Asimptoti je? Ni mstari wa mlalo usio na mwisho. Ukiusukuma kulia au kushoto unajilalia wenyewe, kwa hiyo bado ni y = 0.

Hatua ya 3: vuta wima mara 3, upate y = 3·2^(x−1). Kila y inazidishwa kwa 3, kwa hiyo nukta ni (1, 3) na (2, 6). Asimptoti nayo inazidishwa: 3 × 0 = 0. Hapa ndipo watu wanapojidanganya. Wanaona haikusogea, wanaandika daftarini kwamba kuvuta hakugusi asimptoti. Imeguswa, ila sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Tutalirudia hili hivi punde.

Hatua ya 4: akisi kwenye mhimili wa x, upate y = −3·2^(x−1). Nukta zinashuka hadi (1, −3) na (2, −6). Asimptoti ni −0, yaani 0. Kilichobadilika ni kwamba grafu sasa iko chini ya asimptoti, na upande wa kulia inaporomoka badala ya kupanda.

Hatua ya 5: inua kwa 6, upate y = −3·2^(x−1) + 6. Nukta ni (1, 3) na (2, 0). Asimptoti nayo inainuka: y = 6.

Chora mstari wa vitone kwenye y = 6 kabla ya kuchora mkunjo wenyewe, kisha weka nukta. Kwenye x = 0 utapata 6 − 3/2 = 4.5, na kwenye x = −1 utapata 5.25. Ukienda kushoto grafu inapanda polepole kuelekea 6 kwa chini. Ukienda kulia inakata mhimili wa x kwenye 2 na kuzama. Kama mkunjo wako umevuka mstari wa vitone mahali popote, kuna kosa, maana 3·2^(x−1) ni chanya daima na 6 ukiitoa chanya hupati 6 wala zaidi ya 6.

Sasa turudi kwenye hatua ya 3. Tufanye kazi zile zile, ila kuinua kutangulie. Baada ya hatua ya 2 ongeza 6: y = 2^(x−1) + 6, asimptoti y = 6. Kisha vuta mara 3: y = 3·2^(x−1) + 18, asimptoti y = 18. Kisha akisi: y = −3·2^(x−1) − 18, asimptoti y = −18. Kazi ni zile zile na namba ni zile zile, lakini mstari umetua vipimo 24 chini ya ule wa kwanza, kwa sababu safari hii kuvuta na kuakisi vimeikuta asimptoti ikiwa imeshatoka kwenye sifuri.

Kwa hiyo sikubaliani na ile njia ya mkato ya "asimptoti ni namba ya mwisho". Inafaa pale tu fomula imekwisha kufunguliwa mabano. Ukikutana na y = 2(2^x + 3), namba ya mwisho machoni ni 3, lakini asimptoti ni y = 6. Njia salama ni kuifanyia asimptoti kazi zile zile unazoifanyia y: anza na 0, ongeza 3 unapata 3, zidisha kwa 2 unapata 6. Kinachofanyika ndani ya kipeo, yaani kwa x, kiruke kabisa, maana hakiupandishi wala kuushusha mstari wa mlalo.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi, Sakina:* Shikamoo mwalimu. Kalkuleta yangu nikiweka x = −40 inanipa 6 kamili. Si ina maana grafu imeigusa asimptoti?

Marahaba. Haijagusa. Kwenye x = −40, kile unachokitoa kwenye 6 ni 3 gawanya kwa 2^41, ambacho ni kidogo kuliko sehemu moja ya bilioni mia moja. Kioo cha kalkuleta nyingi kina tarakimu 10 tu, kwa hiyo kinakadiria na kuandika 6. Jaribu x = −10 utaona 5.998535. Jambo hilo hilo linatokea ukichora kwa simu: mkunjo na mstari vinaonekana kushikana kwa sababu vitone vya kioo haviwezi kuonyesha pengo dogo kiasi hicho. Kuza picha karibu na sehemu hiyo, pengo litarudi.

*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Pasua, Moshi:* Nimechora 2^(x−3) na mwenzangu amechora (1/8)·2^x. Grafu zimelaliana kabisa. Nani amekosea?

Hakuna. 2^(x−3) ni 2^x gawanya kwa 2^3, yaani 2^x gawanya kwa 8. Wewe umesogeza kulia kwa 3, yeye amebana wima hadi sehemu ya nane, na kwa grafu ya kipeo hizo ni kazi moja. Jaribu hivyo kwa x² uone kama itakubali, haikubali. Hii pia inakupa njia ya kukumbuka kwa nini kusogeza kulia hakubadilishi asimptoti: ni sawa na kuzidisha 0 kwa 1/8. Kuinua na kushusha ndiko kusikoweza kufanywa kwa kazi nyingine. Hakuna namba utakayoizidisha kwa 2^x ikakupa 2^x + 5 kwa kila x.

*Mwalimu mwenzenu, Ngaramtoni:* Naomba ugusie 2^(3−x). Wanafunzi wangu wanaona 3, wanasogeza kushoto, kisha wananibishia.

Mwalimu, mimi huwataka kwanza waandike 3 − x kama −(x − 3). Hapo inaonekana: akisi kwenye mhimili wa y upate 2^(−x), halafu sogeza *kulia* kwa 3. Wanaotaka kuanza na kushoto nao wana haki, mradi wafuate mpangilio wao hadi mwisho: sogeza kushoto kwa 3 upate 2^(x+3), kisha badilisha x iwe −x. Kosa ni kuakisi kwanza halafu kusogeza kushoto. Hiyo inaleta 2^(−x−3). Kipimo cha haraka ni kutafuta x inayofanya kipeo kiwe 0. Hapa ni 3, basi grafu lazima ipite (3, 1). Asimptoti inabaki y = 0, ila waambie upande unaotulia umehamia kulia. Wengi wanaandika y = 0 kwa usahihi halafu wanachora mkunjo ukiikaribia kutoka upande wa zamani.

*Mwanafunzi, Kijenge:* Tunapima maji yanayopoa kutoka kwenye nyuzi 95. Chumba kikiwa nyuzi 23 tulipata T = 23 + 72·2^(−t/20), t ikiwa dakika. Asubuhi ya Julai chumba kilikuwa nyuzi 17. Mwenzangu anasema tushushe grafu nzima kwa 6, kazi kwisha. Ni sahihi?

Asimptoti ataipata, ambayo ni joto la chumba, lakini grafu hataipata. Akishusha yote kwa 6, maji yataanza kwenye nyuzi 89, wakati maji ya kuchemka hapa Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, yanaanzia karibu na hiyo 95 yenu, chumba kiwe na baridi au joto. Asimptoti imeshuka lakini mwanzo haujashuka, kwa hiyo mvuto wa wima lazima uongezeke: 95 − 17 = 78. Fomula ni T = 17 + 78·2^(−t/20), kama kikombe ni kile kile na kasi ya kupoa haijabadilika. Kifunikeni, maana maji ya moto yaliyo wazi hupoteza joto kwa mvuke na dakika za mwanzo hazitafuata fomula vizuri.

Linganisha. Dakika ya 20: nyuzi 59 kwa chumba cha 23, nyuzi 56 kwa chumba cha 17. Dakika ya 40: 41 na 36.5. Dakika ya 60: 32 na 26.75. Tofauti inaanza na 0, inakuwa 3, kisha 4.5, kisha 5.25. Toa fomula moja kwa nyingine utapata 6 − 6·2^(−t/20), ambayo nayo ni grafu ya kipeo iliyovutwa, ikaakisiwa, ikainuliwa. Ile 6 aliyotaka kuishusha mwenzako ni asimptoti ya hiyo tofauti, kwa hiyo hakuna dakika ambayo grafu zenu mbili zitaachana kwa nyuzi 6 kamili.