Muhtasari wa wasifu wa mhandisi anayehama kazi: anza na mashine

Wiki iliyopita nilikaa na mhandisi mitambo niliyewahi kufanya naye kazi. Anatoka kiwanda cha vinywaji, anaomba kazi kiwanda cha saruji. Muhtasari wake ulianza hivi: "Mhandisi mchapakazi, mbunifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo." Tulimaliza jioni nzima, na sehemu kubwa ya muda huo ililiwa na hatua ya tatu.

1. Futa sifa. Neno lolote ambalo hata mhasibu angeliandika kwenye wasifu wake, litoe.

2. Taja mashine, ukubwa wake na usajili wako. Yeye alikuwa na pampu 14 zenye mota za kilowati 7.5 hadi 45. Kama Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekusajili kuwa mhandisi mhitimu, usijiandike mhandisi mtaalamu.

3. Chagua tatizo moja ulilolitatua, ulipatie namba. Alikuwa ameandika "nilihusika na kupunguza uharibifu wa beringi kwa asilimia 67". Silipendi kabisa neno "nilihusika", kwa sababu halisemi kama ulishika spana au ulisaini karatasi tu. Nikamuuliza alifanya nini hasa. Akasema alipanga upya shafti za mota na pampu kwa kifaa cha leza, zikae mstari mmoja.

Basi tukaigeukia namba. Zamani zilibadilishwa beringi 9, baadaye 3. Lakini zile 9 ni za miezi 12, na 3 ni za miezi 7. Kwa mwendo huohuo, mwaka mzima ungefika kama 5, kwa hiyo punguzo halisi linakaribia asilimia 43. Tukaacha asilimia, tukaandika idadi pamoja na muda wake, msomaji apige hesabu mwenyewe.

Halafu likaibuka jingine: katika miezi hiyohiyo kiwanda kilibadilisha grisi. Hapo huwezi kudai matokeo yote ni ya leza. Mhandisi wa saruji atakuuliza swali hilo kwenye usaili, na ukibabaika ataitilia shaka hata namba iliyo sahihi. Itaje grisi wewe mwenyewe. Na idadi kama hizi mwombe msimamizi wako ruhusa ya kuzitaja. Ripoti za kiwanda usizibebe.

4. Malizia na kazi unayoitaka. Sababu za kuondoka zina nafasi yake kwenye usaili.

Tulichopata ni hiki:

"Mhandisi mitambo, mhandisi mhitimu. Kwa miaka 4 nimetunza pampu 14 za kiwanda cha vinywaji (kilowati 7.5 hadi 45). Nilipanga upya shafti zake kwa leza, na kiwanda kikabadilisha grisi kipindi hichohicho. Beringi zilizobadilishwa zilikuwa 9 katika miezi 12 ya kabla, na 3 katika miezi 7 iliyofuata. Natafuta kazi kiwanda cha saruji, ya matengenezo ya mashine zinazozunguka. Tanuri sijawahi kulitunza."