Somo: Kupima vitamini C kwenye juisi ya mabibo iliyotiwa choya

Msimu wa korosho ukifika, Newala na Masasi mabibo yanalala chini ya mikorosho hadi yanaoza, au yanaishia kwenye uraka. Wanaokamua juisi huongeza choya ili ipendeze machoni, na hapo ndipo maabara inapopata tabu. Tunapima kwa kudondosha iodini mpaka wanga ugeuke bluu-nyeusi, lakini bluu-nyeusi hiyo inazama kwenye wekundu wa choya, nawe unaendelea kudondosha wakati vitamini C imekwisha zamani. Jibu linatoka kubwa kuliko ukweli.

Pima 0.107 g ya potasiamu iodeti kavu (KIO3), yeyusha ujaze hadi mililita 250. Hiyo ni 0.002 M, ndiyo ya kwenye bureti. Ikikutana na potasiamu iodidi, yaani KI, na asidi inazaa iodini, na iodini hiyo inaliwa papo hapo na vitamini C. Ikibaki ya ziada ndipo wanga unageuka rangi. Kila mililita moja ya iodeti hii ni sawa na miligramu 1.057 za vitamini C.

Chuja juisi kwa kitambaa safi na uipime siku hiyo hiyo. Usiiweke kwenye chombo cha shaba wala cha chuma kilichoshika kutu, kwa sababu madini hayo huharakisha vitamini C kuharibika. Weka mililita 5 za juisi kwenye chupa ya koniko, maji mililita 150, KI ya 0.6 M mililita 5, asidi hidrokloriki ya 1 M mililita 5, na wanga uliochemshwa mililita 1. Wanga wa muhogo unafaa kabisa, ila uwe wa leo.

Sasa rangi. Andaa chupa ya pili iliyo sawa kabisa na ya kwanza, uiache bila iodeti. Ziweke zote mbili juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Usitafute bluu, maana kwenye choya hutaiona. Utaona wekundu ukichafuka kuelekea zambarau chafu. Tone la kwanza linaloifanya chupa iwe nyeusi kuliko mwenzake, na weusi ukakaa kama sekunde 20, ndilo mwisho. Ukifutika baada ya hapo, usiufukuze. Rangi ya choya na tanini za mabibo nazo zinakula iodini, lakini polepole.

Utajuaje kama jicho halijakudanganya? Badilisha maji, juisi ibaki mililita 5 zile zile. Vitamini C haijabadilika, kwa hiyo jibu nalo lisibadilike. KI na asidi ziende kwa uwiano wa maji. Kwa kila kiasi cha maji, pima pia chupa isiyo na juisi, uitoe kwenye hesabu, kwani maji mengi yanahitaji iodini zaidi kabla wanga haujaonekana.

Tuseme umepata hivi, kwa mililita za iodeti:
- maji mililita 50: 11.00, toa 0.05, inabaki 10.95
- maji mililita 150: 10.20, toa 0.10, inabaki 10.10
- maji mililita 300: 10.30, toa 0.20, inabaki 10.10

Mbili za chini zimekubaliana. Ya kwanza ilifichwa na rangi. Basi 10.10 × 1.057 ni miligramu 10.68 ndani ya mililita 5, yaani karibu 214 kwa mililita 100. Ungeamini ile ya kwanza ungeandika 231. Kama 150 na 300 bado hazijakubaliana, punguza juisi iwe mililita 2, ingawa hapo kosa dogo la pipeti litaonekana zaidi.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Nachingwea:* Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusiondoe rangi kwa mkaa maalumu, tukachuja?

Marahaba. Mkaa huo unaoksidisha vitamini C yenyewe. Utapata juisi nyeupe na jibu karibu na sifuri.

*Mama Juisi, Mtwara mjini:* Mwalimu, yangu ya chupa ina kihifadhi cha salfaiti. Ina shida?

Ndiyo, mama. Salfaiti nayo inakula iodini, kwa hiyo vitamini C itaonekana nyingi kuliko ilivyo. Tia asetoni mililita chache, subiri dakika chache, kisha pima. Asetoni huifunga salfaiti. Kupunguza kwa maji hakutakusaidia hapa, majibu yote matatu yatakubaliana na yote yatakuwa ya uongo.

*Fundi maabara, Lindi:* Iodeti hatuna, kuna iodini ya dawa tu ya famasi.

Ipunguze kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi, kisha ipime nguvu siku hiyo hiyo kwa kidonge cha vitamini C kilichoandikwa miligramu zake. Hapo huna haja ya KI wala asidi, wanga tu. Kesho upime nguvu tena, iodini inapaa.

*Kijana wa Nachingwea:* Na uraka je?

Upime ukiwa bado juisi.