Kabla hujashika maiki kuwashukuru maprofesa wa Kirusi

Mnaomaliza chuo Urusi, kwenye pati ya kuagana msije mkasema "Profesa Ivanov" kama tulivyozoea huku. Kule mwalimu anaitwa kwa jina lake pamoja na la baba, yaani Yelena ambaye babake ni Pyotr unamwita Yelena Petrovna, angekuwa mwanaume ni Petrovich, sasa ukiacha hilo la baba ni kama umemwita mwenzako wa hosteli. Halafu kwenye kushukuru sema "spasibo vam", sio "spasibo tebe", hiyo ya washkaji. Mimi niliyaandika majina kwa herufi zetu kwenye kikaratasi nikapigia mstari pale pa kukazia sauti, maana ulimi unateleza vibaya ukiwa na woga. Na maua yawe witiri, matano au saba hivi, shufwa wanapeleka msibani.